Marejesho Madogo, Deni Refu: Barua Mbili za Mkopo wa Nyumba

Tumchukue mhasibu anayefanya kazi Thika, mshahara wake wa msingi shilingi 150,000 kwa mwezi, hana marupurupu. Amepata nyumba ya vyumba viwili Ruiru, amana anayo, na kilichobaki ni mkopo wa shilingi milioni 4 wa miaka 20. Mezani kuna barua mbili za ofa. Ya kwanza inampa riba isiyobadilika ya asilimia 13.5 hadi siku ya mwisho ya mkopo. Ya pili inampa asilimia 12, lakini riba hiyo inaweza kupanda au kushuka. Mhasibu huyu ni wa mfano na barua zake pia, lakini hesabu yake ndiyo hasa wanayokutana nayo waajiriwa wengi wa Kenya wanaoingia benki kuomba mkopo wa nyumba.

Kitu cha kwanza anachokiangalia kila mtu ni marejesho ya kila mwezi. Barua ya kwanza inamtaka alipe shilingi 48,295, ya pili 44,043. Tofauti ni shilingi 4,252, ambayo inalipa umeme na maji na kubakisha chenji. Ukizidisha marejesho hayo kwa miezi 240 na kuutoa mkopo wenyewe, jumla ya riba kwenye barua ya kwanza inakuwa takriban shilingi milioni 7.59. Kwenye ya pili ni takriban milioni 6.57, endapo asilimia 12 itabaki ilivyo kwa miaka yote 20. Kwa hesabu hiyo barua ya pili inaokoa zaidi ya milioni moja, na wengi husaini hapo hapo. Lakini hesabu nzima imesimama juu ya neno "endapo".

Hebu tuangalie riba imekuwa ikitembeaje. Mnamo Septemba 2011 kiwango cha Benki Kuu ya Kenya kilikuwa asilimia 7. Kufikia Desemba mwaka huo huo kilikuwa 18. Aliyechukua mkopo wa riba inayobadilika katikati ya mwaka ule hakupata hata nafasi ya kujipanga. Hivi karibuni zaidi, kiwango hicho kilikuwa asilimia 7 hadi Mei 2022, kisha kikapandishwa hatua kwa hatua hadi 13 mnamo Februari 2024, halafu kikaanza kushuka na kufikia 9.25 Oktoba 2025. Riba za mikopo hazifuati kiwango cha Benki Kuu shilingi kwa shilingi, lakini huelekea kule kule. Katika miaka 20 ya mkopo wa nyumba, mtu atapitia mizunguko kadhaa ya namna hii. Kuuliza kama riba itapanda ni kupoteza muda. Cha kuuliza ni itapanda lini, kwa kiasi gani, na deni litakuwa limebaki kiasi gani siku hiyo.

Hilo la deni lililobaki ndilo lenye uzito, na ndilo ambalo barua ya ofa haikuelezi. Katika mwezi wa kwanza wa barua ya pili, riba ya milioni 4 kwa asilimia 12 kwa mwaka ni shilingi 40,000 kamili. Mhasibu analipa 44,043. Kwa hiyo kinachopunguza deni lenyewe ni shilingi 4,043 tu. Mwezi wa pili zinapungua shilingi chache zaidi, na mwendo ni huo wa kobe. Baada ya miaka miwili atakuwa ametoa mfukoni zaidi ya shilingi milioni moja, na deni litakuwa limeshuka kutoka milioni 4 hadi takriban 3,890,900. Amepunguza kama laki moja na elfu tisa. Hapana udanganyifu hapo. Mkopo mrefu hutanguliza riba, na deni lenyewe huanza kuyeyuka kwa kasi miaka ya mwisho.

Sasa riba ipande. Tuseme mwaka wa tatu ulipoanza, benki imemwandikia kwamba riba inatoka asilimia 12 hadi 16. Pointi nne si hadithi ya kutisha watoto, maana kati ya 2022 na 2024 kiwango cha Benki Kuu kilipanda pointi sita. Kama benki itashikilia muda wa mkopo uleule, yaani miaka 18 iliyobaki, marejesho yatapanda kutoka 44,043 hadi takriban 55,027. Ni shilingi elfu kumi na moja kasoro kidogo za ziada kila mwezi, na sasa anamzidi mwenye riba isiyobadilika kwa shilingi 6,700 hivi. Riba ikikaa hapo hadi mwisho, jumla yake itafika karibu milioni 8.94. Ile milioni moja aliyodhani ameiokoa imegeuka hasara ya zaidi ya milioni 1.3.

Hayo ni maumivu, lakini ni maumivu yanayoonekana. Yapo mengine yasiyoonekana, na hayo ndiyo yanayonifanya niandike makala haya. Mikataba mingi inaipa benki hiari: riba ikipanda inaweza kuongeza marejesho, au kuyaacha yalivyo na kurefusha muda. Mteja anapoulizwa, au asipoulizwa kabisa, huona kurefusha muda ni huruma. Mshahara haujaguswa, mwisho wa mwezi uko kama jana. Hebu tuone huruma hiyo inagharimu nini.

Mhasibu wetu ana deni la 3,890,900 na anaendelea kulipa 44,043. Riba ikipanda pointi moja tu, kutoka 12 hadi 13, miaka 18 iliyobaki inakuwa zaidi ya miaka 24. Ikipanda pointi moja na nusu, hadi 13.5, riba ya mwezi inakuwa takriban shilingi 43,770, na kinachopunguza deni ni shilingi 270 hivi. Mkopo huo utaisha baada ya miaka 38. Ikipita asilimia 13.6, hautaisha kamwe, kwa sababu marejesho yote hayatoshi hata kulipa riba ya mwezi. Kwa asilimia 16 tuliyoitaja, riba ya mwezi ni takriban 51,880 na yeye analipa 44,043. Pengo la karibu shilingi 7,840 linaongezwa kwenye deni, na mwezi unaofuata linatozwa riba nalo. Mtu analipa kila mwezi bila kukosa, na deni linanenepa.

Angalia vizuri namba hizo. Umbali kati ya mkopo unaoisha miaka 18 ijayo na mkopo usioisha kabisa ni pointi moja na sehemu ndogo zaidi ya nusu. Ndiyo maana ninasema marejesho ya mwezi peke yake ni kipimo kibovu. Wenye mikopo wengi hugundua jambo hili siku wanapotaka kuuza nyumba au kuhamisha mkopo, wanaomba taarifa ya deni, na wanakuta salio karibu sawa na walilokopa, au kubwa zaidi, baada ya miaka sita au saba ya kulipa.

Dalili zake si ngumu kuziona kwa anayejua pa kutazama. Omba taarifa ya mkopo kila robo mwaka na uende kwenye safu mbili tu: riba ya mwezi na salio. Riba ya mwezi ikifika zaidi ya tisa ya kumi ya unacholipa, na hauko katika miaka ya kwanza kabisa, uko ukingoni. Salio la mwezi huu likiwa kubwa kuliko la mwezi uliopita nawe hukuchelewa kulipa, ukingo umeshauvuka. Jambo la kufanya ni kwenda benki kuomba marejesho yapandishwe. Ombi hilo linasikika kama la kichaa, lakini kila mwezi unaoahirisha unalifanya kuwa ghali zaidi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inaitaka benki ikupe notisi ya maandishi ya angalau siku 30 kabla ya kubadilisha riba ya mkopo uliowekewa ardhi kama dhamana. Barua hiyo ikija, usiiweke kabatini. Rudia hesabu siku hiyo hiyo.

Turudi kwenye mshahara, kwa sababu maafisa wa mikopo hupenda kusema mshahara unatosha bila kueleza unatosha nini. Kwa viwango vya mwaka 2025, mhasibu wa shilingi 150,000 anakatwa shilingi 4,125 za SHIF, 2,250 za ushuru wa nyumba, 4,320 za NSSF, na kodi ya PAYE ya takriban 34,175. Anabaki na kama 105,130. Akichukua mkopo wa nyumba ya kuishi mwenyewe kutoka kwa taasisi inayotambuliwa na sheria ya kodi, riba anayolipa, hadi shilingi 30,000 kwa mwezi, inaondolewa kwenye kipato kinachotozwa kodi. Kikomo hicho kilipandishwa kutoka 25,000 mwishoni mwa Desemba 2024. Kwa kuwa yuko kwenye daraja la asilimia 30, anaokoa shilingi 9,000 za kodi kwa mwezi, na mkononi anabaki na takriban 114,130 kabla ya kulipa mkopo wowote.

Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yote ya mshahara, ya lazima na ya hiari, yasizidi theluthi mbili. Kwa mhasibu wetu maana yake ni kwamba lazima abaki na shilingi 50,000. Akichukua barua ya kwanza anabaki na takriban 65,800. Akichukua ya pili anabaki na 70,100. Benki zote mbili zitamwambia amepita mtihani, nazo hazisemi uongo. Lakini tuongeze kitu ambacho karibu kila peislipu ya Kenya inacho, mkopo wa sacco. Wake unakatwa shilingi 12,000 kwa mwezi. Kwenye barua ya kwanza sasa anabaki na 53,800 na kwenye ya pili 58,100. Bado amepita. Riba inayobadilika ikifika asilimia 16, barua ya pili inamwacha na 47,100, chini ya theluthi. Mwajiri hana tena ruhusa ya kukata kila kitu. Lazima deni moja litoke kwenye peislipu na kulipwa kutoka akaunti yake mwenyewe, na mwezi wa karo ukifika ndilo linaloachwa.

Yako mambo mawili zaidi yanayobana nafasi hiyo. Nafuu ya kodi imefungwa kwenye shilingi 30,000 za riba. Mhasibu huyu alikuwa tayari analipa riba ya 40,000 mwezi wa kwanza, kwa hiyo riba inapopanda hadi elfu hamsini nafuu haipandi nayo hata kwa senti. Shilingi zote za ziada ni zake peke yake. Halafu michango ya NSSF imekuwa ikiongezwa kila Februari tangu 2023, kwa hiyo peislipu ya mwaka ujao huenda isiwe pana kama ya leo. Nyongeza ya mshahara inaweza kuja ikaziba, lakini ni wachache walioandikiwa lini na kiasi gani, ilhali makato yameandikwa.

Kwa hiyo mimi ningepima uwezo kwa namna tofauti na ile ya benki. Chukua riba ya leo, ongeza pointi nne, piga hesabu ya marejesho, kisha toa mikopo yote mingine. Kama bado unabaki juu ya theluthi na nyumba inakula, riba inayobadilika unaimudu. Kama hubaki, basi zile shilingi 4,252 za tofauti tulizoanza nazo si hasara, ni bei ya kulala. Kwa mhasibu mwenye deni la sacco, jibu langu ni barua ya kwanza. Kama deni hilo la sacco limebakiza miezi michache, jibu linabadilika, kwa sababu hata kwa asilimia 16 angebaki na shilingi 59,100.

Wala si kwamba riba isiyobadilika haina ubaya wake. Aliyeifunga riba mwanzoni mwa 2024, kiwango cha Benki Kuu kikiwa 13, alitazama wenzake wakipunguziwa huku yeye amesimama palepale. Kutoka kwenye mkopo wa namna hiyo kunawezekana, lakini kuna ada ya kulipa mapema kama mkataba unaitaja, kuna kuondoa dhamana ya benki ya zamani na kusajili ya benki mpya, tathmini ya nyumba, wakili wa pande zote mbili, na ushuru wa stempu kwenye dhamana mpya. Riba ikishuka nusu pointi, gharama hizo zinaimeza faida. Ikishuka pointi mbili au tatu mapema katika maisha ya mkopo, hesabu inaanza kuleta maana. Jambo la kuchunguza zaidi ni lile neno "isiyobadilika" lenyewe. Benki nyingine hufunga riba kwa miaka mitatu au mitano ya mwanzo tu, kisha inaanza kuelea. Barua ikisema hivyo, umeahirisha hatari, na utaipokea ukiwa bado na karibu deni lote.

Upande wa riba inayobadilika, lalamiko la miaka mingi ni kwamba benki hukimbia kupandisha na hutambaa kushusha. Benki Kuu ilipoanza kushusha kiwango chake mwaka 2024, ililazimika kuzisukuma benki hadharani zifanye vivyo hivyo. Ndiyo sababu utaratibu wa kupanga riba ulibadilishwa: kuanzia 1 Desemba 2025 mikopo mipya ya riba inayobadilika inapimwa kwa KESONIA, wastani wa riba ambazo benki hukopeshana usiku mmoja, ukijumlishwa na nyongeza inayoitwa K. Mikopo ya zamani ilipewa hadi 28 Februari 2026 kuhamia huko. K ndiyo inayobeba gharama za benki, faida ya wenye hisa na hatari ya mteja. Utaratibu huu unakupa silaha ambayo mkopaji wa zamani hakuwa nayo: unaweza kuuliza K yako ni ngapi, ipatane kwenye maandishi, na uifuatilie. KESONIA ikishuka nusu pointi na riba yako isishuke, mtu ameigusa K, na una haki ya kuuliza kwa nini.

Kabla ya kusaini barua yoyote kati ya hizo mbili, mhasibu angepaswa kuuliza kuhusu barua ya tatu. KMRC, kampuni iliyopewa leseni na Benki Kuu Septemba 2020, huzikopesha benki na sacco wanachama fedha za bei nafuu ili nazo ziwakopeshe wanunuzi wa nyumba kwa riba isiyobadilika ya chini ya asilimia 10. Ina vikomo vya ukubwa wa mkopo na masharti ya mteja na ya hati ya nyumba, na si kila mtu anaingia. Lakini kwa milioni 4 hizo hizo na miaka 20 hiyo hiyo, asilimia 9.5 inaleta marejesho ya 37,285 na jumla ya riba ya takriban milioni 4.95. Hapo hakuna mjadala wa kupanda na kushuka. Afisa wa benki asipoitaja, itaje wewe.

Kama mlango huo umefungwa na anachobaki nacho ni barua zake mbili, kuna njia ya kuichukua ya pili bila kubeba hatari yake yote. Achukue mkopo wa asilimia 12, lakini kila mwezi alipe kana kwamba amechukua wa 13.5, yaani 48,295 badala ya 44,043. Riba ikibaki 12, mkopo utaisha baada ya miaka 14 na miezi tisa badala ya 20, na jumla ya riba itashuka hadi takriban milioni 4.55. Ni milioni mbili zilizobaki mfukoni kwa shilingi 4,252 za mwezi. Riba ikipanda mwaka wa tatu, deni lake litakuwa takriban 3,776,000 badala ya 3,890,900, na marejesho yake yataendelea kupunguza deni hadi riba ifike karibu asilimia 15.3. Ukingo ule wa 13.6 umesogezwa mbali kwa pointi moja na robo tatu.

Njia hiyo inafaa tu kama mkataba unairuhusu, kwa hiyo kuna sentensi tatu za kuomba ziandikwe kwenye barua ya ofa kabla ya kusaini. Ya kwanza, kwamba malipo ya ziada hayana ada na yanapunguza deni la msingi siku yanapoingia, yasiwekwe pembeni kama malipo ya mwezi ujao. Ya pili, kwamba riba ikipanda marejesho ndiyo yatakayopanda, na muda hautarefushwa bila mteja kukubali kwa maandishi. Ya tatu, kiwango cha K kwa tarakimu, pamoja na siku ambazo benki itapitia riba. Benki ikikataa ya kwanza na ya pili kwa pamoja, ningemshauri mhasibu arudi kwenye asilimia 13.5, ghali ilivyo, na auachie mtu mwingine mkopo ule wa asilimia 12.